Tajiri, bepari na mfanyabiashara: tunathibitishaje neno lilielekea upande gani

Ndugu Mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi wa isimu na nyote mliofika jioni hii, naanza na neno ambalo baadhi yenu mmelisikia leo njiani mkija hapa. Dereva wa daladala anapozungumza na kondakta wake kuhusu hesabu ya siku, yaani fedha ambayo sharti ifikishwe kwa mwenye gari kila jioni, humwita mwenye gari huyo "tajiri". Husema tajiri hajaridhika na hesabu, au tajiri ameleta dereva mwingine. Mara nyingi tajiri huyo ni mwalimu mstaafu aliyenunua basi moja lililochakaa kwa kiinua mgongo chake, anaishi kwenye nyumba ambayo haijaisha kupauliwa, na mtaani kwake hakuna anayemhesabu miongoni mwa wenye mali. Dereva anajua hayo yote, na bado hasemi kwa kejeli. Kwa hiyo tuna neno moja lenye maana mbili: mtu mwenye mali nyingi, na mtu mwenye chombo au mtaji ambao wewe unaufanyia kazi. Nataka kuuliza ni ipi iliyotangulia, kisha niulize swali lililo gumu zaidi, nalo ni kwamba tutajuaje.

Kabla ya kulijibu, niweke sawa istilahi tatu tu. Maana ya neno hupanuka pale ambapo kundi la vitu au watu wanaoitwa kwa neno hilo linakua na sharti moja la awali linaanguka. Hufinyika pale ambapo sharti jipya linaongezeka na kundi linapungua. Hushuka hadhi pale ambapo wale wanaoitwa kwa neno hilo wanaanza kuchukia kuitwa hivyo, hata kama kundi lenyewe halikuongezeka wala kupungua. Mtaona kwamba mambo mawili ya kwanza yanahusu idadi, na la tatu linahusu heshima, na kwa sababu hiyo yanaweza kutokea pamoja katika neno moja. Wanafunzi wengi hupoteza alama kwa kudhani kwamba sharti wachague moja.

Sasa turudi kwa tajiri. Asili yake haina ubishi: ni Kiarabu, na huko neno hilo ni la mtu anayefanya biashara, kutoka katika mzizi ule ule uliotupa "tijara". Neno tijara limo katika Kiswahili mpaka leo, ingawa wengi hulikuta katika mawaidha na mashairi zaidi kuliko sokoni, na maana yake haikuhama: ni biashara na faida ya biashara. Basi tuna ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja amebaki nyumbani, mwingine amehama. Huo ni ushahidi wa kwanza wa mwelekeo, nao ni wa kiukoo. Tukidai kwamba Waswahili walianza na maana ya mwenye mali na baadaye ndipo wakaipata ya mfanyabiashara, tutalazimika kueleza ni kwa bahati gani neno liliacha maana ya mzizi wake, likazunguka, kisha likairudia maana ile ile iliyoachwa. Jambo hilo linawezekana, lakini anayelidai ndiye mwenye mzigo wa kulithibitisha.

Ushahidi wa kiukoo, hata hivyo, hauna tarehe. Unatuambia neno lilitoka wapi, lakini hautuambii lilihama lini, wala kama lilihamia mikononi mwetu. Hapo ndipo maandishi yenye mwaka yanapohitajika. Edward Steere, katika kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili cha Unguja kilichotoka mwaka 1870, analipa neno tajiri maana mbili kwa pamoja, mfanyabiashara na mtu mwenye mali. Mtafiti mwenye haraka atavunjika moyo hapo, kwa sababu chanzo chake cha mapema kinampa maana zote mbili kwa siku moja. Mimi naona kinyume. Kipindi ambacho maana mbili zinaishi pamoja ndicho kipindi chenyewe cha mabadiliko, kwa kuwa neno haliruki kutoka maana moja hadi nyingine kama chura. Linasimama kwa muda, pengine kwa vizazi, mguu mmoja huku na mguu mwingine kule. Chanzo cha mwaka 1870 kinatukuta tayari tumo ndani ya kipindi hicho, na kazi inayobaki ni kutafuta mwisho wake, na kueleza nini kilichoiwezesha maana ya pili kuota juu ya ile ya kwanza.

Kuhusu mwisho wake, tuna andiko ambalo liko katika nyumba nyingi, nalo ni Biblia ya tafsiri ya Muungano iliyotoka kamili mwaka 1952. Faida ya tafsiri ya Maandiko kwa mtafiti wa maana ni kwamba hali inayosimuliwa inajulikana kutoka nje ya lugha yenyewe. Zakayo wa Luka 19 ni mkubwa wa watoza ushuru, hana duka wala jahazi, na anaitwa tajiri. Yule wa Luka 12 ambaye shamba lake lilizaa sana hata akakosa ghala la kuweka mavuno ni mkulima, naye pia anaitwa tajiri. Mahali hapo pawili huwezi kusoma "mfanyabiashara" hata ukitaka. Lakini katika Mathayo 13, anayetafuta lulu nzuri ili azinunue, ambaye kazi yake ni biashara waziwazi, haitwi tajiri. Anaitwa mfanya biashara, na imeandikwa kwa maneno mawili yaliyoachana. Vivyo hivyo katika Ufunuo 18, wale wanaoomboleza kwa kuwa hakuna anunuaye bidhaa zao ni wafanya biashara. Basi ifikapo mwaka 1952, katika Kiswahili cha watafsiri hao, kazi zimegawanywa: tajiri amechukua mali, na biashara imepewa neno jipya, jipya kiasi cha kuandikwa bado kama kauli ya maneno mawili, mtu anayefanya biashara.

Mahali kama hapo pa Zakayo ndipo ninapopaita mahali pa hakika, yaani sentensi inayokubali maana moja tu na kuikataa nyingine. Naomba mlishike jambo hili, kwa sababu makosa mengi ya fani yetu hutokana na kuhesabu mifano bila kuipima. Mtu hukusanya mifano mia ya neno tajiri kutoka magazetini, na tisini kati ya hiyo ni sentensi za namna ya "tajiri mmoja wa mjini alinunua nyumba". Sentensi hiyo haithibitishi chochote. Mfanyabiashara anaweza kununua nyumba, na mwenye mali asiyefanya biashara anaweza kununua nyumba. Mifano tisini ya aina hiyo ni myepesi kuliko Zakayo mmoja.

Hata hivyo sentensi zinazokubali maana zote mbili zina kazi yake, kwa kuwa ndizo daraja ambalo neno lilivukia. Fikirieni misafara ya karne ya 19 kutoka pwani kwenda bara. Aliyekwenda safari, mara nyingi, hakuwa na mtaji wake mwenyewe. Alikwenda Unguja au Bagamoyo kwa mtu wa kumkopesha, akachukua nguo, shanga na waya wa shaba, akaahidi kulipa kwa pembe za ndovu atakaporudi. Tippu Tip mwenyewe, pamoja na ukubwa wote alioupata baadaye, alikopeshwa na Tharia Topan, mfanyabiashara wa Kihindi wa Zanzibar. Sasa huyo mkopeshaji ni mfanyabiashara kwa kazi yake, ni mwenye mali kwa hali yake, na kwako wewe unayekwenda bara ndiye mwenye mtaji unaoufanyia kazi. Sifa tatu zimekaa katika mtu mmoja. Mtoto anayejifunza lugha katika mji wa namna hiyo, akisikia "nenda kwa tajiri ukachukue mali", hana njia ya kujua ni sifa ipi kati ya hizo tatu ndiyo maana ya neno na ni zipi zinazoambatana nayo tu. Na hata neno mali katika sentensi hiyo lina sura mbili, bidhaa na utajiri, kama linavyoonekana hadi leo katika kauli ya wafanyabiashara ya "mali kauli", yaani bidhaa inayotolewa kwa ahadi ya mdomo.

Ninaamini, na hapa ninatoa hukumu yangu, kwamba maana ya dereva wa daladala inatoka moja kwa moja katika sifa ya tatu, bila kupitia ile ya utajiri. Sarufi yenyewe inaitofautisha. Maana ya mwenye mali inasimama peke yake: "Fulani ni tajiri." Maana ya dereva ni ya uhusiano: "tajiri wangu", "tajiri wa gari hili". Mwenye mali ni tajiri hata akiwa peke yake kisiwani, lakini tajiri wa dereva hawezi kuwapo bila dereva. Kwa hiyo picha si ya mstari mmoja unaotoka biashara ukaenda mali, bali ni ya matawi mawili yaliyochipuka kutoka kwa yule mkopeshaji wa pwani. Tawi moja lilipanua maana kwa kuangusha sharti la biashara, na tawi la pili lilishika uhusiano wa mtaji na kuangusha kila kitu kingine, pamoja na wingi wa mali. Ndiyo maana mwalimu mstaafu mwenye basi bovu anaweza kuitwa tajiri bila mtu kucheka.

Kabla sijaendelea, kuna pingamizi ambalo ni la haki. Katika Kiarabu cha nchi za Ghuba, neno lile lile hutumika pia katika mazungumzo ya kawaida kwa mtu mwenye mali, na uhusiano wa pwani yetu na Omani ni wa karne nyingi. Je, haiwezekani kwamba neno lilipanuka huko kwao, likaja kwetu likiwa tayari na maana mbili mkobani? Inawezekana kabisa. Angalieni, lakini, ni dai lipi linalotikiswa. Mwelekeo hautikiswi, kwa kuwa hata huko Ghuba mzizi ni wa biashara. Kinachotikiswa ni mahali: kama upanuzi ulifanyika Unguja, au Maskati, au pande zote mbili kwa wakati mmoja miongoni mwa watu wale wale waliokuwa wakienda na kurudi kwa pepo za kaskazi na kusi. Tofauti ya mwelekeo na mahali huchanganywa mara nyingi, na mtu huangusha hoja nzima kwa pingamizi ambalo limegusa nusu yake tu. Tawi la dereva, lenye uhusiano wa kikazi, ndilo ambalo ningelipigania kuwa zao la misafara ya pwani yetu.

Naomba sasa niseme kidogo kuhusu jinsi tarehe zinavyodanganya, kwa sababu nimezitumia kama kwamba ni mawe ya mpaka, na si mara zote ziko hivyo.

Kamusi ina mwaka kwenye jalada, lakini mwaka huo ni wa kuchapwa. Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza iliyotolewa mwaka 1939, ambayo kazi yake ilisimamiwa na Frederick Johnson, inasema wazi kwamba imejengwa juu ya ile ya Madan ya mwaka 1903. Kwa hiyo ukikuta maana fulani humo, huna ruhusa ya kusema kwamba watu wa 1939 walisema hivyo. Pengine walisema, na pengine ni sauti ya 1903 iliyonakiliwa. Kamusi inakupa uhakika wa upande mmoja: maana hiyo ilikuwapo kufikia mwaka huo au kabla. Haikuambii kama ilikuwa bado hai. Tena, kutokuwapo kwa maana mpya katika kamusi hakuna uzito mkubwa, kwa sababu kamusi huchelewa.

Tungo za zamani zina tatizo la namna nyingine. Al-Inkishafi, utungo wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir unaowekwa katika mwanzo wa karne ya 19, unapowakumbuka wenye mali wa Pate walioanguka huwaita wakwasi. Mwanafunzi akikimbilia hapo atasema: mnaona, wakati ule tajiri hakuwa bado na maana ya mwenye mali, ndiyo maana mshairi alitumia neno jingine. Hoja hiyo ni dhaifu kwa sababu tatu. Kwanza, mshairi ana vina na mizani ya kutimiza, na "wakwasi" limekaa katika kituo cha mshororo ambapo lazima liitikiane na mengine. Pili, lugha yake ni ya kaskazini, ya Kiamu na Kipate, na si ya Unguja ambayo Steere aliiandika. Tatu, nakala zilizotufikia ziliandikwa kwa mikono ya watu wengine baada yake, na mnakili aliyelelewa na lugha ya wakati wake huweza kubadilisha neno bila nia mbaya, ingawa kina humbana asibadilishe ovyo katika mwisho wa mshororo. Kinachoweza kusemwa kwa haki ni kwamba nafasi ya mwenye mali haikuwa tupu ikimngoja tajiri. Mkwasi alikuwapo, na yuko hadi leo, ila amepanda kibarazani akawa neno la fasihi.

Kwa upande wa pili wa kutazama tarehe kwa makini, ziko hoja ambazo tarehe moja tu huziua papo hapo. Mmesikia watu wakidai kwamba machinga, muuza bidhaa mkononi, ni mabaki ya maneno ya Kiingereza yanayowaeleza vijana wanaotembea. Hadithi hiyo ni tamu na inaenea kwa sababu ni tamu. Lakini Wamachinga ni watu wa upande wa Lindi, na jina lao limo katika maandishi ya enzi za Wajerumani, miongo mingi kabla ya vijana wa kusini kuonekana katika mitaa ya Dar es Salaam na beseni na mashati begani. Jina la watu lilipanuka likawachukua wauzaji wote wa aina hiyo, hata wale wasioijua Lindi kwa macho. Jambo lililotangulia haliwezi kuzaliwa na lililofuata, na hapo mjadala umefungwa.

Sasa nije kwa bepari, ambaye ndiye aliyenifanya nikubali kuzungumza leo. Neno hili limetoka India, kutoka Kigujarati na lugha za jirani zake, na huko kwao ni mfanyabiashara tu, jina la kazi ambalo mtu hujitaja nalo bila aibu. Lilikuja pwani na watu wenyewe. Kamusi ya 1939 bado inalitambua kama jina la mfanyabiashara, kwa tahadhari zile nilizozitaja kuhusu kamusi hiyo. Basi bepari alikuwa mpangaji wa pili katika chumba kile kile cha biashara ambacho tajiri alikuwa akikihama.

Halafu tuna andiko la tarehe kamili, Azimio la Arusha la Februari 1967. Humo ubepari unatajwa pamoja na ukabaila, na nchi ya ujamaa inaelezwa kuwa nchi isiyo na mambo hayo mawili. Kiongozi wa TANU au wa Serikali anatakiwa awe mkulima au mfanyakazi, na asishiriki katika jambo lolote la kibepari au kikabaila. Asiwe na hisa katika kampuni, asiwe na mishahara miwili au zaidi, asiwe na nyumba za kupangisha. Chukueni sharti hilo la nyumba mlipime. Mwenye nyumba ya kupangisha hauzi wala hanunui bidhaa. Katika maana ya zamani hawezi kuwa bepari hata kidogo, lakini katika Azimio mwenendo wake ni wa kibepari. Tena Azimio linaeleza tofauti ya tabaka mbili, la watu wa chini wanaofanya kazi ili waishi, na la watu wa juu wanaoishi kwa kazi ya wengine, na katika maelezo hayo biashara haitajwi. Hapo ni mahali pa hakika kama pale pa Zakayo.

Mtaniuliza kama huku ni kupanuka au kufinyika, nami nitajibu kwamba ni yote mawili, kwa watu tofauti. Mchuuzi mdogo aliyeweza kuitwa bepari kwa kuwa anauza na kununua ametolewa nje, kwa sababu hana wa kumnyonya. Mwenye kiwanda, mwenye hisa na mwenye nyumba za kupangisha wameingizwa ndani. Duara halikukua wala kusinyaa, bali lilihamishwa. Kilicho wazi bila ubishi ni kushuka hadhi, na kushuka huko kunapimika kwa njia mbili ambazo hazitegemei hisia za mtafiti. Ya kwanza ni kuangalia neno linatembea na nani. Bepari wa miaka ya Azimio anatembea na kabaila, na unyonyaji, na kupe, na mirija. Kabaila mwenyewe amevutwa chini kwa kufungwa naye kamba moja: asili yake ya Kiarabu ni makabila, na katika Kiswahili cha zamani alikuwa mtu wa nasaba na cheo. Njia ya pili ni kuuliza kama kuna anayejiita kwa neno hilo. Kule lilikotoka, mtu hujitambulisha hivyo. Katika Tanzania ya baada ya 1967 sijapata kuona tangazo la duka ambalo mwenyewe anajinadi kuwa bepari mwaminifu.

Lakini mwaka 1967 nao una mipaka yake. Azimio linathibitisha kwamba kufikia tarehe hiyo maana mpya ilikuwapo na ilitarajiwa kueleweka na watu wote. Halithibitishi kwamba ilizaliwa siku hiyo. Anayetaka mwanzo wake itambidi ashuke nyuma, katika magazeti ya Uhuru, lililoanza mwaka 1961, na Ngurumo, lililoanza mwaka 1959, na kabla ya hayo Mambo Leo lililoanza mwaka 1923, akitafuta sentensi ambamo anayeitwa bepari hana biashara, au ana biashara lakini halalamikiwi. Na akumbuke kwamba hapa kuna sababu isiyokuwapo kwa tajiri. Tajiri alihama taratibu, kwa vinywa vya watu waliokuwa wakifanya kazi zao, na hakuna aliyeamua. Bepari alipewa kazi. Siasa ilihitaji neno la kutafsiri fikra iliyokuja na jina lake la kigeni, na neno lililokuwa jirani, la asili ya Kihindi, lililowataja watu ambao wengi waliwaona kuwa wageni wenye maduka, likachukuliwa. Sidhani kwamba uchaguzi huo ulikuwa usio na maana, kwa sababu mfanyabiashara na tajiri nao walikuwapo mezani na hawakuchaguliwa.

Nimalizie na kitabu kimoja, au hasa na jalada lake. Mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio, Mwalimu Nyerere alitoa tafsiri yake ya tamthilia ya Shekspia kwa jina la Mabepari wa Venisi. Vizazi vya wanafunzi vimelisoma jina hilo na kulitafsiri kwa maana ya 1967: hawa ni wanyonyaji wa Venisi. Anayejua historia ya neno anaweza kusema hapana, huyu ni mtu aliyezaliwa 1922, aliyejifunza Kiswahili chake shuleni katika miaka ya 1930, naye anatumia neno kwa maana ya kamusi ya 1939, wafanyabiashara wa Venisi. Kwa tarehe peke yake hamtaweza kuamua, kwa kuwa tarehe iko katika kipindi cha maana mbili, na mwandishi ni yule yule aliyekuwa mkono mkuu katika Azimio.

Basi tazameni sarufi. Jina la tamthilia katika lugha yake ya asili ni la mtu mmoja, na huyo mmoja ni Antonio, mwenye merikebu baharini na bidhaa ndani yake. Tafsiri iliyokuwa ikifuata maana ya zamani bila nia nyingine ingetosheka na umoja: bepari wa Venisi. Mtafsiri ameweka wingi. Wingi huo unamwingiza mtu wa pili, na wa pili anayestahili ni Shailoki, ambaye hana merikebu wala bidhaa, ambaye anakopesha fedha kwa riba na anadai ratili ya nyama ya mwenziwe. Shailoki si bepari kwa maana ya mfanyabiashara wa bidhaa, lakini ni bepari kwa maana ya mtu anayeishi kwa mtaji. Antonio anaweza kuwa bepari kwa maana zote mbili. Neno pekee linaloweza kuwakusanya wawili hao chini ya jalada moja ni bepari aliyekwisha kuhama, au aliye katikati ya kuhama, na alama iliyomfichua ni kiambishi kimoja tu cha wingi, kile "ma-" cha mwanzo.

Anayetaka kunipinga, na ningependa apatikane miongoni mwenu, asinijibu kwa kamusi. Afungue tamthilia yenyewe, aandike kila mahali ambapo neno bepari linatokea na linamhusu nani, atenge zile sentensi zinazokubali maana zote mbili aziweke kando, kisha atuletee zile chache zilizobaki.